Mishale Miwili na Tundu Lililoziba
Mhadhara juu ya kiyoyozi cha gari kisichopooza



Katika miezi ya kaskazi, joto la pwani linapofika nyuzi 31 au 32 za Selsiasi na hewa imejaa unyevu hata nguo zilizoanikwa zachelewa kukauka, huletwa gerejini magari mengi yenye lalamiko moja: feni inavuma, kompresa inashika, lakini upepo unaotoka dashibodini ni wa uvuguvugu. Fundi huunganisha geji zake, huuona mshale wa geji ya bluu umelala chini, na papo hapo hutoa hukumu ambayo mwenye gari ameshaizoea, nayo ni kwamba gesi imepungua. Gesi huongezwa, ujira hulipwa, gari huondoka, na aghalabu hurudi lile lile na lalamiko lile lile. Madhumuni ya maneno yangu leo ni kuthibitisha kwamba mshale wa bluu uliolala una sababu mbili zilizo mbalimbali kabisa. Kwamba ile ya pili, yaani kuziba kwa tundu linalopitisha gesi kwenda katika evaporeta, haiponywi kwa kuongeza gesi bali huzidishiwa maradhi. Na kwamba fundi anaweza kuzipambanua sababu hizo kabla hajagusa chupa ya gesi, akiwa na geji zake mbili, kipimajoto kimoja, na subira ya robo saa.

Lazima kwanza nilieleze tundu lenyewe, maana wengi wetu tumelibadilisha mara nyingi bila kulitazama. Gesi ya R-134a, ambayo ndiyo iliyomo katika magari mengi tunayoyahudumia, huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri ikiachwa katika hewa ya kawaida. Lakini ikishinikizwa huchemka katika joto la juu zaidi, na kadiri shinikizo linavyozidi ndivyo joto la kuchemka linavyopanda. Kompresa huivuta gesi ikiwa mvuke, huishinikiza, na kuisukuma katika kondensa iliyo mbele ya rejeta. Humo gesi hutoa joto lake na kugeuka maji. Maji hayo, yakiwa bado katika shinikizo kubwa, hupelekwa hadi kwenye njia nyembamba kupita zote katika mzunguko, na yakishavuka hapo hukutana na nafasi yenye shinikizo dogo, yakachemka kwa ghafla, na kwa kuchemka kwake yakafyonza joto la hewa ya ndani ya gari. Ubaridi wote tunaoulipia hutokana na mpaka ule mwembamba: upande mmoja shinikizo kubwa, upande wa pili shinikizo dogo. Geji nyekundu husoma upande wa kwanza, geji ya bluu husoma wa pili.

Mpaka huo hutengenezwa kwa namna mbili. Magari mengi ya Kijapani na ya Ulaya yana valvu ya ekspansheni, ambayo siku hizi huwa bloku ndogo ya aluminiamu yenye matundu manne, imekaa palipo na evaporeta; ndani yake mna kidude mfano wa punje ya mviringo kinachofungua na kufunga njia kwa kufuata joto la gesi inayotoka. Gari lenye valvu ya namna hii huwa na draya upande wa shinikizo kubwa, ama kikopo cha peke yake, ama mrija ulioshikamana na ubavu wa kondensa. Magari mengi ya Kimarekani, na baadhi ya mengineyo, hayana valvu bali yana kimrija cha orifisi: kijiti cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole, chenye bomba jembamba la shaba katikati na vichujio vya wavu ncha zote mbili, kimesukumwa ndani ya bomba la maji ya gesi. Hakifungui wala hakifungi. Tundu lake ni lile lile asubuhi na jioni. Gari la namna hii huwa na kopo kubwa, akyumuleta, baada ya evaporeta, upande wa shinikizo dogo. Kwa hiyo fundi asiyejua gari alilonalo ni la aina gani na atazame kopo liko wapi kabla ya kuvunja dashibodi: likiwa upande wa bomba jembamba lenye joto, atarajie valvu, likiwa upande wa bomba nene lenye baridi, atarajie kimrija.

Sasa tundu hilo likizibwa nusu, au robo tatu, nini hutokea? Kompresa haina habari. Huendelea kuvuta kama desturi yake, na kwa kuwa kinachoingia katika evaporeta ni kidogo, huikausha, na mshale wa bluu hushuka. Gesi iliyokuwa ipite haikupotea, ila imebaki nyuma ya kizuizi. Watu wa Mombasa wanaijua hali hii kwa kuitazama Likoni: feri zikipungua, magari hurundikana upande mmoja na barabara ya upande wa pili hubaki tupu, ingawa hesabu ya magari haikubadilika hata kwa moja. Gesi iliyorundikana huijaza draya kwanza, kisha huanza kuijaza kondensa kutoka chini kwenda juu, ikiwa maji.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapoteleza, kwa sababu hudhani kwamba mahali palipozibwa ni lazima pawe na shinikizo kubwa sana nyuma yake, hivyo hutazamia kuuona mshale mwekundu umepaa. Haiwi hivyo mara nyingi. Kondensa haishinikizwi na wingi wa maji yaliyomo peke yake, bali na joto linaloletwa na kompresa kila dakika. Na kompresa iliyonyimwa gesi huleta joto dogo. Kwa hiyo kizuizi kikianza, na gesi ikiwa ni kadiri yake ileile ya kiwandani, mshale mwekundu huwa wa kawaida au chini kidogo ya kawaida. Tazameni basi ugumu ulioko: gari lililopungukiwa na gesi huonyesha bluu chini na nyekundu chini, na gari lililozibwa tundu huonyesha bluu chini na nyekundu chini kidogo. Mtu anayesoma mishale peke yake, hata akiwa na miaka mingi ya kazi, hawezi kuapa ni lipi kati ya mawili.

Niseme kwanza kawaida yenyewe, ili tuwe na kipimo. Gari likiwa kivulini, boneti imefunguliwa, milango wazi, feni ya ndani katika kasi ya mwisho, injini ikizunguka mara 1500 kwa dakika, na joto la nje nyuzi 30 hivi, mfumo mzima wa R-134a husoma kati ya paundi 30 na 45 kwa inchi mraba upande wa bluu, na kati ya paundi 180 na 235 upande wa nyekundu. Nambari hizi si sheria. Huhama kwa unyevu, kwa uchafu wa kondensa, na kwa muundo wa gari. Lakini bluu ikisoma paundi 8 na upepo ukiwa vuguvugu, kuna jambo.

Kitakachotuamulia ni joto la bomba jembamba linalotoka katika kondensa. Kila shinikizo la gesi safi lina joto lake moja tu la kugeuka maji, na jedwali la joto hilo huchapwa hata usoni pa geji zenyewe, katika duara la ndani ambalo mafundi wengi hulipita macho. Paundi 120 za R-134a ni nyuzi 37. Paundi 155 ni nyuzi 45. Paundi 230 ni nyuzi 60. Fundi husoma geji nyekundu, hutafuta joto lake katika duara lile, kisha hufunga kipimajoto juu ya bomba jembamba la chuma baada ya kondensa, akalifunika kwa kitambaa ili upepo wa feni usimdanganye, na kutoa nambari ya pili katika ya kwanza. Baki ndiyo habari. Gesi ikiwa pungufu, kondensa haina maji ya kutosha ya kukaa na kupoa, hivyo kinachotoka hutoka punde tu kigeukapo maji, pengine kimechanganyika na mvuke; bomba huwa na joto karibu sawa na la jedwali, na baki huwa nyuzi moja au mbili, au hata sifuri. Tundu likizibwa, maji yamejaa katika mirija ya chini ya kondensa, yamekaa humo yakipulizwa na feni, na hutoka yamepoa mpaka karibu na joto la hewa ya nje. Baki huwa nyuzi 12, 15, na zaidi. Gari zima aghalabu hubakisha kati ya 5 na 10.

Nawaletea kisa kimoja, tulichokifanyia kazi mbele ya vijana, ili msibaki na maneno matupu. Lilikuwa gari dogo la abiria la Kijapani, lenye valvu ya bloku, ambalo kompresa yake ilikuwa imebadilishwa mwaka uliotangulia, na tangu hapo ubaridi wake ukawa unafifia kidogo kidogo. Mwenyewe alikwisha kuongezewa gesi zaidi ya mara moja mahali pengine. Joto la nje lilikuwa nyuzi 31. Geji ya bluu ilisoma paundi 6, nyekundu 230, na upepo wa katikati ya dashibodi ulikuwa nyuzi 22. Kijana aliyeshika geji akaniuliza, “Mwalimu, nyekundu inaonyesha gesi imejaa, mbona bluu inasema haipo?” Nikamwambia, “Mwanangu, usiamue bado. Nipimie bomba.” Akapima: nyuzi 41. Paundi 230 ni nyuzi 60, tukatoa 41, ikabaki 19.

Baki ya 19 peke yake ingetosha kutuambia kwamba kondensa ilikuwa imejaa maji, lakini haikutuambia ni kwa sababu ya kizuizi au kwa sababu ya gesi iliyopita kiasi, maana gari lililozidishiwa gesi nalo hubakisha nambari kubwa. Tofauti yao iko katika bluu: gari lililozidishiwa gesi tu, bila kizuizi, bluu yake hupanda pamoja na nyekundu, haikai kwenye paundi 6. Hata hivyo nilitaka vijana waone kwa mizani. Tukaitoa gesi yote kwa mashine ya kuinyonya, wala si kuiachia hewani, nayo mashine ikaandika gramu 640. Kibandiko kilichoko chini ya boneti kilisema gramu 450. Basi gari lililohukumiwa mara zote kwamba limepungukiwa lilikuwa na karibu gramu 190 za ziada, zote zimelala katika kondensa nyuma ya kizuizi, na bluu haikufaidika kwa gramu hata moja.

Tukairudisha gramu 450 kamili, bila kufungua kitu chochote, ili tulione gari kama lilivyokuwa siku ya kwanza lilipopelekwa kuongezwa gesi. Bluu ikasoma 8, nyekundu 155. Hiyo ndiyo sura ambayo fundi wa kwanza aliiona, na nakiri kwamba kwa macho ni sura halisi ya gesi pungufu. Lakini bomba jembamba lilikuwa nyuzi 32, na paundi 155 ni 45, hivyo baki ni 13. Kama ingekuwa gesi imepungua kweli, tungetazamia nyekundu iwe paundi 120 hivi na bomba liwe nyuzi 36, baki moja. Kipimo cha dakika mbili kingetosha kumwokoa mwenye gari gharama za mwaka mzima.

Shahidi mwingine alikuwa mkononi. Paundi 8 za bluu ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, na kweli bomba fupi baada ya valvu lilikuwa limeganda barafu nyeupe kwa urefu wa vidole viwili. Baada ya hapo barafu ilikwisha ghafla, na bomba nene la kurudi kwenye kompresa lilikuwa na uvuguvugu kama lililoachwa juani. Katika gari zima bomba hilo nene hutoka jasho na kuwa baridi hadi karibu na kompresa. Gesi ile chache iliyopenya ilichemka yote katika mirija ya mwanzo ya evaporeta, na sehemu iliyobaki ikawa inapitisha upepo tu bila kuupooza. Tena tulipozima injini, mishale miwili ilichukua zaidi ya dakika kumi kukaribiana, hali katika gari jingine hufanya hivyo kwa dakika chache. Hata hivyo ushahidi huu wa mwisho siutegemei peke yake, kwa kuwa valvu zima nayo huweza kujifunga injini inapozimwa.

Kabla ya kuitupa valvu, lakini, fundi mwadilifu hana budi kuuliza maswali mawili. La kwanza ni kama kizuizi kiko katika valvu au kabla yake. Draya iliyochakaa huziba vile vile, na ndani ya gesi yenye shinikizo kila kizuizi hujisaliti kwa ubaridi: bomba linaloingia katika draya likiwa na joto na linalotoka likiwa baridi au likitoka jasho, kizuizi ni draya. Pitisha mkono, kisha kipimajoto, tangu kondensa mpaka ukuta wa injini. Mahali joto linapoanguka ghafla ndipo palipozibwa. Katika gari letu bomba lilikuwa na nyuzi 32 njia yote mpaka mlangoni mwa bloku.

La pili ni kama tundu limezibwa na uchafu au valvu imekataa kufunguka. Kichwa cha valvu kina gesi yake ya siri iliyofungiwa humo, na gesi hiyo ikivuja valvu hujifunga, na mishale husoma vile vile kama iliyozibwa. Katika valvu za kale zenye kidonge cha kuhisi joto kilichofungwa juu ya bomba, fundi hukifungua kidonge na kukishika katika kiganja chenye joto: bluu ikipanda, valvu ni hai. Valvu ya bloku hupashwa joto kichwani kwa kitambaa kilichotiwa maji ya moto. Katika kisa chetu bluu haikutikisika. Kwa hakika, kwa mfuko wa mwenye gari, majibu yote mawili ya swali hili huishia katika kubadilisha valvu ile ile. Lakini jawabu lake hutuambia kama kuna uchafu unaozunguka katika mfumo au hamna, na hapo ndipo gharama kubwa ilipo.

Kuna kizuizi cha tatu ambacho hutokea sana pwani na ambacho si cha kubadilishia valvu. Ni maji halisi. Mfumo ukiachwa wazi, hata kwa siku moja ya unyevu wetu, draya hushiba maji; yale yanayozidi huzunguka na gesi, na yakifika kwenye tundu, palipo na baridi chini ya sifuri, huganda. Alama yake ni ya wazi kwa mwenye kusubiri: kiyoyozi hupooza vizuri kwa robo saa, kisha bluu huanguka mpaka chini ya sifuri na upepo huwa vuguvugu, gari likizimwa kwa muda, barafu huyeyuka, na likiwashwa hupooza tena kama halikuwa na ugonjwa. Mwenye gari hulileta gerejini, lapoa njiani, na fundi hamwamini. Basi liache liwashwe mpaka bluu ianguke, kisha mwagia bloku maji ya moto. Mshale ukiruka, ni barafu. Dawa yake ni draya mpya na vakyumu ya kweli. Maji katika nyuzi 31 hayachemki mpaka geji ipite inchi 28 na nusu za zebaki za vakyumu, hivyo pampu iliyochoka inayoishia inchi 26 haitoi tone hata ikizunguka mchana kutwa. Pampu nzima, ikifika 29 na kukaa humo nusu saa au zaidi, hutoa.

Nirudi katika gari letu. Bloku ilipofunguliwa, mlango wake wa kuingilia maji ulikuwa umejaa tope jeusi lililochanganyika na punje ndogo za rangi ya udongo. Punje zile ni dawa ya kukaushia iliyomo katika mfuko wa draya. Mfuko ulichanika, punje zikasafiri. Weusi ulikuwa unga wa kompresa ya zamani. Kompresa mpya ilifungwa pasipo draya kubadilishwa wala mabomba kuoshwa, na takataka za marehemu zikabaki zikizunguka mpaka zilipokutana na njia nyembamba. Tukaosha mabomba na evaporeta kwa kiosheo chake, tukapuliza kwa naitrojeni kavu, tukabadilisha valvu, draya, na kondensa pia, kwa kuwa kondensa za siku hizi zina vinjia vyembamba kama nywele ambavyo kiosheo hupita penye wazi na kuviacha vilivyoziba. Mwenye gari alisikitika kwa ajili ya kondensa, na ni haki yake, maana ndiyo iliyokuwa ghali. Lakini nilimwonyesha tope lililokuwa kwenye kitambaa. Tukarudisha mafuta ya kompresa ya aina iliyoandikwa juu yake kwa kadiri ya yale yaliyotoka na yaliyomo katika vifaa vilivyobadilishwa, tukavuta vakyumu, tukapima gramu 450 kwa mizani. Bluu 34, nyekundu 190, upepo nyuzi 8, na baki ya bomba jembamba 7.

Mipaka ya njia hii niiseme bila kuficha. Kwanza, jedwali ni la gesi safi. Chupa yenye mchanganyiko, au mfumo uliobaki na hewa kwa kukosa vakyumu, husoma shinikizo lisilolingana na joto, na hesabu yote hupotoka. Penye shaka gesi hutolewa, mfumo hutiwa gesi yenye kuaminika kwa mizani, ndipo hupimwa. Pili, draya iliyo kikopo cha peke yake hunywa gesi ya kwanza inayorundikana, kwa hiyo kizuizi kichanga huenda kisionekane katika baki. Tatu, na hili linatushughulisha zaidi kila mwaka, magari mengi mapya yana kompresa inayopunguza yenyewe kiasi inachovuta. Bluu inapotaka kushuka, kompresa hiyo hujizuia, hivyo bluu hukaa kwenye paundi 28 au 30 kwa utulivu wa kudanganya hata tundu likiwa limezibwa nusu. Katika gari la namna hiyo usiitegemee bluu. Tegemea baki ya bomba jembamba, na joto la bomba la kurudia, ambalo huwa vuguvugu pasipo sababu nyingine.

Nimalizie kwa kimrija cha orifisi, kwa sababu chenyewe kina fadhila ambayo valvu haina: hutoka kizima, na kilichokiziba hutoka nacho. Alama zake za geji ni zile zile, isipokuwa kwamba katika magari mengi ya namna hii kompresa huwashwa na kuzimwa kwa swichi ya shinikizo dogo, inayokata penye paundi 25 hivi na kushika tena karibu na 45. Kimrija kikizibwa, bluu huanguka upesi, klachi hukata, hushika, hukata tena kila sekunde chache, na fundi husema, kama kawaida, gesi imepungua. Pima baki.

Gesi ikishatolewa, hufunguliwa maungio ya bomba jembamba, na kimrija huvutwa kwa koleo yenye ncha ndefu, taratibu, kwani plastiki ya zamani hukatika na kipande kilichobaki ndani huleta kazi ya nusu siku. Kitazameni mwangani kabla hamjakifuta. Wavu ukiwa na vipande vichache vya mpira mweusi tu, ni mabaki ya bomba la mpira au oringi zilizochakaa. Badilisheni kimrija na akyumuleta, osheni njia, mjaze. Wavu ukiwa na unga wa kijivu unaometameta mkiupeleka juani, huo ni chuma cha kompresa, na kompresa hiyo, hata kama bado inavuta, inajisaga. Kimrija kipya mtakachokitia leo kitazibwa tena na unga ule ule, hivyo kompresa, akyumuleta na kondensa vyote vihesabiwe pamoja kabla mwenye gari hajaambiwa bei. Na mkirudisha kimrija kipya, upande wenye wavu mrefu uelekee kondensa na wenye wavu mfupi uelekee evaporeta, oringi zake zipakwe mafuta ya kompresa, kisha kisukumwe kwa kidole mpaka kikaguse mibonyeo iliyomo ndani ya bomba.